SOMO: Kopo la samaki au nyama lililovimba, linalovuja au lililobonyea vibaya (naandika mara moja, mkiniuliza tena nawarudisha hapa)

Jamani wiki hii peke yake nimetumiwa picha sita za makopo, zote swali moja, "dada hili linalika?" Mbili zilikuwa za sadini ya nyanya, moja kopo la nyama limevimba kama embe, na aliyenitumia hilo ameshalifungua tayari ndo ananiuliza. Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Nilikaa stoo ya duka la jumla hapa Dar miaka minne, kazi yangu kupokea mzigo na kuchambua makopo, kwa hiyo nachosema hapa nimekishika kwa mikono.

Kwanza mjue adui ni nani. Kuna bakteria anaitwa klostridiamu botulinamu, anakaa kwenye udongo, kwenye matope ya bahari na ya maziwa, na kwenye matumbo ya samaki. Akiwa kwenye hewa hana habari na mtu, amejikunyata ndani ya ganda kama mbegu. Anachotaka ni sehemu isiyo na hewa, yenye unyevu, isiyo na uchachu, yenye joto la kawaida la ndani ya nyumba. Sasa niambie hiyo ni nini kama sio kopo la samaki? Akishapata hapo mbegu inachipua na anaanza kutengeneza sumu, na mtu akila hiyo sumu ndo anapata botulizimu.

Mbegu yake haifi kwa maji yanayochemka, hata uchemshe masaa. Ndo maana kiwandani kopo likishafungwa linapikwa kwenye mtungi wa presha mpaka katikati ya nyama joto lifike kama nyuzi 121, na likae hapo dakika tatu hivi kwenda juu. Kopo lililopikwa hivyo na likabaki zima halina shida, linakaa miaka. Shida inakuja pale mapishi yalipokosewa, au kopo lilipopata upenyo baada ya kupikwa.

Hatua ya 1. Lisogeze kwenye mwanga, lizungushe, angalia juu, chini na ubavuni.

Hatua ya 2. Angalia kama limelowa, lina utando wa mafuta unaonata, au lebo ina doa lililokaukia. Kama lipo, limevuja. Weka pembeni.

Hatua ya 3. Bonyeza kifuniko na kitako kwa kidole gumba, taratibu. Kopo zima limejivuta ndani kidogo na halichezi. Likifanya "tak" likarudi, au ukibonyeza huku linatokeza kule, ndani kuna gesi au mvuto wa ndani umeisha. Na kama limevimba mpaka gumu usilibonyeze kabisa, linaweza kukupasukia usoni.

Hatua ya 4. Mbonyeo. Hapa watu wanabishana sana. Mbonyeo mdogo wa ubavuni, wa mviringo, hauna kona, huo ni wa kuanguka kwenye katoni, kula. Ila ukiweza kulaza kidole ndani yake, au una kona kali kama karatasi iliyokunjwa, au umegusa ule mkunjo wa juu au wa chini ambapo kifuniko kimejikunja na mwili wa kopo, achana nalo. Ule mkunjo ndo kufuli. Ukipinda hata kidogo panabaki njia nyembamba usiyoiona kwa macho, na kwa vile kopo linavuta kwa ndani, linanyonya chochote kilichoko nje.

Hatua ya 5. USILIFUNGUE ILI KUHAKIKISHA. Hii ndo niliyoiharibu mimi. Mwaka wangu wa kwanza stoo nilikuta kopo la nyama limetuna upande mmoja, bosi akasema angalia kama limeharibika kweli tusije tukapata hasara bure. Nikalipeleka kwenye sinki, nikaingiza kisu. Lilitoa "fyaaa" moja, supu ikaruka mpaka kwenye kidevu, kwenye blauzi, kwenye vikombe vya chai vya watu vilivyokuwa vinakauka pembeni. Na mimi kwa ujinga nikanusa, halafu nikapangusa mdomo kwa mkono uleule. Siku mbili nilikuwa najiangalia kwenye kioo kama kope zinashuka. Sikuumwa, ila ilikuwa bahati tu, sikuwa na ujanja wowote. Kwa hiyo shikeni haya: hamna kunusa, na hamna kuonja "kidogo tu kwenye ncha ya ulimi", maana kiasi hicho kinatosha kumlaza mtu. Likisharuka chukua jiki robo kikombe kwenye maji vikombe viwili, lowesha pote palipoguswa ukae nusu saa, ndo upanguse, halafu sabuni. Tambara tupa.

Hatua ya 6. Kutupa. Mifuko miwili, funga, zungushia gundi ya karatasi, andika HATARI. Usitupe wazi jalalani, kuna watoto na waokota chuma, na paka wa jirani naye ni kiumbe. Kama limevimba bado zima, rudisha dukani likiwa na risiti.

Na msikae mkisubiri kuona uvimbe. Mwaka 1978 kule Birmingham, Uingereza, wazee wanne walikula samaki wa kopo, samoni kutoka Alaska. Wote wanne wakaugua botulizimu, wawili wakafa. Kopo lilikuwa na kitobo kidogo, na bakteria aliingilia hapo baada ya kopo kupikwa. Sasa fikiria, kopo lenye tundu litavimbaje wakati gesi inatokea hapohapo? Tena yule alikuwa wa aina E, anayependa samaki, na huyo harufu yake haikustui kama ya nyama iliyooza. Kwa hiyo uvimbe ni taarifa mbaya, lakini kukosa uvimbe sio cheti.

Dalili: mara nyingi zinaanza saa 12 mpaka 36 baada ya kula, ila zinaweza kuwahi saa chache au kuchelewa siku kadhaa. Unaona vitu viwiliviwili, kope zinalegea, mdomo mkavu, ulimi mzito mpaka watu wanadhani umelewa, kumeza shida, halafu ulegevu unashuka shingoni, mikononi, kifuani. Homa hamna na akili iko timamu kabisa. Sumu inakata mawasiliano kati ya mishipa ya fahamu na misuli, ikifika kwenye misuli ya kupumua ndo kifo. Hospitali kuna dawa ya kuzuia sumu, lakini inakamata ile ambayo haijashika bado, iliyoshika haiondoi, ndo maana unawahi. Mkumbuke kumwambia daktari "alikula kopo", na kopo lenyewe mliende nalo kwenye mfuko.

Maswali leteni.

Baba Naima: Mimi naokoa muda, nachemsha tu vizuri na vitunguu na pilipili. Miaka yote sijafa.

Mwandishi: Sawa kaka. Pilipili haihusiki.

Baba Naima: Sasa si umesema joto linaua? Mbona unajichanganya.

Mwandishi: Sijajichanganya, soma tena. MBEGU haifi kwa kuchemka. SUMU yenyewe inavunjika, ukifikisha nyuzi 85 mpaka katikati ya kipande kwa dakika tano. Ila kopo lililoharibika halina mgeni mmoja. Kuna sumu za bakteria wengine hazijali moto, na samaki kama jodari akiharibika anatengeneza kitu kinachokuwasha mwili mzima na kukupa kichwa kugonga, hicho unakichemsha mpaka jioni bado kipo. Na kabla ya kufika jikoni umeshalifungua, limeshakurukia. Kopo la shilingi elfu tatu kaka.

Kijana wa Makete: Dada shikamoo. Mimi nina duka huku milimani, mzigo natoa Dar. Kuna makopo Dar yalikuwa sawa kabisa, huku yakifika mengine vifuniko vinacheza. Ni kuharibika njiani au?

Mwandishi: Marahaba mdogo wangu, swali zuri hili. Huku pwani hewa ya nje inakandamiza kopo kwa nguvu, huko juu hewa ni nyepesi, mkandamizo unapungua. Kopo lililojazwa sana au lenye mvuto dhaifu wa ndani linaachia, kifuniko kinatoka nje kidogo hata kama nyama ni nzima. Tatizo ukiwa umesimama dukani huwezi kutofautisha hilo na lenye gesi ya bakteria, yanafanana. Usiuze. Yahesabu, andika namba ya toleo iliyopigwa kwenye kitako, piga picha, mrudishie msambazaji. Kama ni toleo moja tu linafanya hivyo na mengine yametulia, mwambie, maana hapo inawezekana kuna kosa la kiwandani. Na mzigo mpya usiweke juani nyuma ya gari.

Kijana wa Makete: Asante sana dada. Na kutu je?

Mwandishi: Pangusa kwa kitambaa. Ikitoka na bati likabaki laini chini, uza. Ikiacha vishimo, toa.

Shosti wa Tabata: Hili langu linafaa? *[picha]*

Mwandishi: Hatua ya 4.

Shosti wa Tabata: Nimesoma ila limebonyea kidogo tu kwenye mkunjo.

Mwandishi: "Kwenye mkunjo". Umejijibu.

Mama Wawili: Naomba kuuliza nje ya mada kidogo, nimesikia asali nayo ina huyu mdudu, mwanangu ana miezi saba bibi yake anampa kwa kikohozi.

Mwandishi: Haiko nje ya mada mama. Asali inaweza kuwa na mbegu zake. Tumbo la mtu mzima linazizuia zisichipue, la mtoto chini ya mwaka mmoja bado, zinachipua humohumo. Mtoto anaanza kukosa choo, kilio kinakuwa dhaifu, kunyonya shida, shingo inalegea. Mwambie bibi kwa upole asubiri atimize mwaka. Kama ameshapewa na yuko mchangamfu usipanik, mwangalie wiki kadhaa hizi, ukiona chochote kati ya hivyo hospitali.

Mpishi Mtaani: Mimi natengeneza saumu kwenye mafuta, naweka kwenye chupa, nauza. Inakaa kabatini mwezi mzima.

Mwandishi: Ndugu yangu, saumu imetoka ardhini, umeifunika na mafuta hewa haiingii, uchachu hamna, halafu kabatini. Hebu panda juu usome kile alichokuwa anakitaka yule bakteria. Tengeneza kidogo kidogo, weka friji, zisizidi siku nne. Hizo za kabatini usiuze tena, na ulizouza wiki hii wapigie simu wateja.

Mpishi Mtaani: Duh. Ziko chupa kumi na moja nje.

Mwandishi: Anza kupiga.