"Kwa mtindo wangu ule ule": omba nakala kwanza

Mwalimu mkuu wa skuli moja Chake Chake anakutumia ujumbe: "Niandikie risala ya mahafali, iwe kwa mtindo wangu ule ule." Hakuambatanisha kitu. Usianze kubuni, maana utaandika mtindo wako ukidhani ni wake.

Mjibu siku hiyo hiyo, kwa ombi linalotekelezeka:

"Shikamoo Mwalimu. Kazi nimeipokea. Naomba unitumie risala mbili ulizoandika mwenyewe, kamili, hata kwa kuzipiga picha. Uniambie pia ipi uliipenda zaidi, na nini hutaki kirudiwe."

Kila neno hapo lina kazi. Risala, kwa sababu barua yake ya kuomba madawati haitakuonyesha anavyozungumza na wazazi. Mbili, kwa sababu kwa moja huwezi kujua lipi ni mazoea yake na lipi lilitokea siku ile tu. Na "mwenyewe" ndilo muhimu kuliko yote, kwani risala nyingi huandikwa na kamati.

Zikifika, tazama anavyofungua baada ya salamu, urefu wa sentensi zake, na kama anasema "sisi walimu" au "uongozi wa skuli".

Akisema hana nakala, mwombe ujumbe wa sauti wa dakika mbili akieleza anachotaka wazazi wasikie. Kisha mwandikie aya za mwanzo mbili zinazotofautiana, achague. Usimwandikie risala nzima kabla hajachagua.