Kumwomba msimamizi wa zamani pendekezo la LinkedIn: ujumbe unaomrahisishia kuandika

Wasimamizi wengi hawakatai kumwandikia mtu pendekezo. Wanakubali, wanafungua ukurasa, wanakutana na kisanduku cheupe kinachopokea hadi herufi 3,000, hawakumbuki la kuanzia, wanaahirisha mpaka Jumamosi. Jumamosi hiyo haifiki. Ujumbe mzuri wa kuomba humwondolea kazi ya kukumbuka, akabaki na kazi ya kusema tu.

Tutatumia mfano mmoja mpaka mwisho: karani aliyeandaa entri za forodha, yaani matamko ya mizigo, kwa wakala mmoja pale Malaba, kwenye mpaka wa Uganda na Kenya, kuanzia 2021 hadi 2023. Sasa anatafuta kazi ya kukagua hati kwa waagizaji wenye maghala Namanve, eneo la viwanda karibu na Kampala. Aliyekuwa msimamizi wake, ambaye ofisini wote walimwita Madamu, amehamia Mombasa.

Hatua ya 1: Tengeneza wasifu wako kwanza

LinkedIn haikuruhusu kumwomba pendekezo mtu ambaye hamjaunganishwa moja kwa moja. Kama hamjaunganishwa, mtumie ombi la kuungana, na usubiri alikubali kabla ya kuomba lolote.

Kisha angalia sehemu ya Experience. Fomu ya ombi itakutaka uchague cheo ulichokuwa nacho wakati huo, na orodha ya vyeo inatoka hapo hapo. Kama kazi ya Malaba hukuiandika, haitaonekana kwenye orodha, na pendekezo litaning'inia kwenye kazi isiyo yake. Andika cheo kama kilivyokuwa kwenye barua ya ajira. Ukijipandisha kutoka karani hadi ofisa, Madamu atakiona cheo hicho kabla hajaandika hata neno moja, na hapo unamweka njia panda: aweke jina lake chini ya uongo, au akae kimya. Wengi hukaa kimya.

Hatua ya 2: Bisha hodi kwa WhatsApp

Ombi la LinkedIn likienda peke yake huishia kwenye arifa na barua pepe ambazo mtu wa forodha anayeshinda na simu za madereva hazifungui. Anza na WhatsApp, au piga simu kama ndivyo mlivyozoeana. Ujumbe huu wa kwanza una kazi moja tu, kupata ndiyo au hapana:

> Habari za siku nyingi, Madamu. Pole na kazi. Ni mimi karani wako wa dawati la entri, Malaba, 2021 hadi 2023. Sasa naomba kazi ya ukaguzi wa hati kwa waagizaji wa Namanve, na wanaoajiri wanapitia LinkedIn. Naomba uniandikie pendekezo la sentensi nne au tano, litakaloonekana hadharani kwenye wasifu wangu. Kama ofisi yako ya sasa hairuhusu, au unaona si vyema, niambie tu, hakuna neno. Ukikubali, nitakutumia mambo matatu ya kukukumbusha kazi tuliyofanya.

Jitambulishe hata kama unaamini namba yako bado anayo, maana simu hubadilishwa na majina hupotea. Neno "hadharani" nalo lisikosekane. Barua ya siri kwa mwajiri mmoja ni jambo moja. Maneno yatakayosomwa na wateja wake, washindani wake na bosi wake wa sasa ni jambo lingine, na ana haki ya kulijua mapema. Mlango wa kukataa usiuwekee masharti. Pendekezo la mtu aliyebanwa hutoka baridi, na msomaji huuhisi ubaridi huo.

Angalia pia wakati. Mwaka wa fedha wa Uganda huanza tarehe 1 Julai, na mabadiliko ya ushuru ya Jumuiya ya Afrika Mashariki huanza kutumika siku hiyo hiyo. Mwisho wa Juni watu wa forodha hawana nafasi hata ya chai. Wiki chache kabla ya Krismasi mizigo huwa mingi vilevile.

Hatua ya 3: Chagua mambo matatu ya kumkumbusha

Hapa ndipo maombi mengi huharibika. Watu huandika: "Ukiweza, taja kwamba mimi ni mchapakazi, mwaminifu na najituma." Hizo ni sifa, na sifa haimkumbushi mtu chochote. Anayetafuta mkaguzi wa hati hatofautishi mchapakazi wa forodha na mchapakazi wa hoteli.

Mpe matukio badala ya sifa. Kila tukio lipite majaribio mawili: aliliona kwa macho yake mwenyewe, na linagusa kazi unayoiomba sasa. Mafunzo uliyopata baada ya kuondoka hayamhusu. Kuandaa sherehe ya ofisi alikuona, ila Namanve hawana haja nayo.

Karani wetu anayo haya. Kwanza, kila entri kabla haijaingizwa kwenye ASYCUDA, mfumo wa kompyuta wa forodha, alilinganisha uzito wa ankara, orodha ya vifungashio na hati ya meli, kwa sababu uzito usiolingana ulikuwa unarudisha entri nyingi na maswali. Pili, mzigo ulioandikwa "spea za magari" tu. Neno hilo moja huficha bidhaa za vichwa tofauti vya HS, namba za kimataifa za kupanga bidhaa: vipuri vya gari huwa 8708, lakini filta ni 8421, betri ni 8507 na matairi ni 4011, kila kimoja na ushuru wake. Entri ilirudishwa, karani akampigia mwagizaji, akapata orodha ya kila kipande, akaipanga upya, na lori likaondoka jioni ile ile. Tatu, alimfundisha karani mpya mpaka akaweza kushika dawati peke yake.

Hakuna tarakimu ya kujisifu hapo, na ni kwa makusudi. Ukiandika kwamba ulipunguza makosa kwa asilimia fulani, Madamu hana njia ya kuihakikisha akiwa Mombasa, na mwangalifu hawezi kuweka jina lake kwenye hesabu asiyoijua. Tumia tarakimu pale tu ambapo yeye mwenyewe alikuwa anaiona kwenye ripoti.

Jina la mwagizaji na thamani ya mzigo zisitajwe popote. Ni siri za mteja, na kosa hilo likitokea litamwangukia aliyeandika, si wewe.

Hatua ya 4: Tuma ombi lenyewe

Akishakubali, fungua wasifu wake, bonyeza More, kisha Request a recommendation. Chagua uhusiano, yaani yeye ndiye aliyekusimamia moja kwa moja, na cheo chako cha wakati ule. Uhusiano huu huonyeshwa pamoja na pendekezo, kwa hiyo ukichagua kwamba mlikuwa timu moja tu, neno la msimamizi linashuka na kuwa neno la mwenzako. Kisanduku cha ujumbe huja na sentensi fupi iliyoandikwa tayari. Ifute, uweke hii:

> Asante sana kwa kukubali, Madamu. Nafasi ninayoomba ni ya kukagua hati za mizigo kabla haijafika mpakani. Haya ni ya kukukumbusha tu. Tumia lolote, acha lolote, na kama unakumbuka jambo jingine lililo bora, hilo ndilo.
> 1. Kulinganisha uzito kwenye hati tatu kabla ya kuingiza entri.
> 2. Lori la spea lililorudishwa kwa maelezo ya jumla: nilipata orodha kamili, likatoka siku ile ile.
> 3. Kumfundisha karani mpya wa dawati la entri.
> Sentensi nne au tano zinatosha, kwa Kiingereza. Naomba tusitaje jina la mteja wala thamani ya mzigo. Mwisho wa kutuma maombi ni tarehe 20, lakini hata baada ya hapo litanifaa.

Waajiri wengi wa Kampala wanasoma wasifu kwa Kiingereza, kwa hiyo katika ujumbe halisi zile hoja tatu ziandike kwa Kiingereza, na salamu ibaki Kiswahili mlichokuwa mnaongea. Ukimpa hoja kwa Kiswahili umemwongezea kazi ya kutafsiri, kazi ile ile uliyokuwa unataka kumwondolea. Hapa tumeziacha kwa Kiswahili ili zisomeke.

Hoja zisizidi tatu. Ukimpa saba atajaribu kuzigusa zote, na pendekezo litageuka orodha ya majukumu. Isitoshe, kwenye wasifu maandishi marefu hukatwa na mengine hufichwa mpaka msomaji abonyeze, na wengi hawabonyezi. Lile la lori la spea likitangulia, linatosha hata likisomwa peke yake.

Akisema "andika wewe, nitaweka jina"

Hutokea sana, hasa kwa watu wenye shughuli nyingi. Usikatae, lakini usimpe maandishi yaliyokamilika. Ukiandika yote, mapendekezo yako matatu yatakuwa na sauti moja, yaani sauti yako, na mwajiri makini huligundua hilo haraka. Mpe mifupa yenye mapengo ambayo yeye peke yake anaweza kuyajaza:

> Nilimsimamia Malaba kuanzia 2021 hadi 2023, akishughulikia entri za ___. Ninachokumbuka zaidi ni ___. Mzigo wa spea uliporudishwa, alipata orodha kamili na lori likatoka siku ile ile. Ningemkabidhi ___ bila wasiwasi.

Pengo la mwisho ndilo lenye thamani kubwa. Akijaza "ukaguzi wa hati za mizigo mchanganyiko", amekusemea jambo ambalo wewe usingeweza kujisemea.

Baada ya kutuma

Subiri siku saba hadi kumi, kisha kumbusha mara moja, kwa WhatsApp, kwa mstari mmoja, na uzirudie zile hoja tatu hapo hapo ili asianze kuzitafuta juu. Baada ya hapo nyamaza. Kama alikuwa amekubali kisha akapotea, mwombe mtu mwingine aliyeiona kazi ile ile.

Akiandika, halitokei hadharani mpaka wewe ulikubali. Lisome kwanza: mwaka, cheo, majina. Wewe huwezi kubadilisha hata nukta, ila unaweza kumrudishia arekebishe. Fanya hivyo kwa kosa la ukweli tu, kama mwaka 2012 badala ya 2021, au jina la mteja lililopenya. Kama ameandika sentensi mbili tu na hakuitaja habari ya lori, likubali lilivyo, umshukuru siku hiyo hiyo, na kisa cha lori ukiweke wewe mwenyewe chini ya kazi ya Malaba kwenye Experience.