Asilimia ya zao: mfano wa fuwele za kopa salfeti

Tuseme mmepasha asidi ya salfuriki, 25 cm³ yenye nguvu ya 1.0 mol/dm³, mkatia kopa oksaidi gramu 2.5 (ule unga mweusi) huku mnakoroga, mkachuja, mkachemsha maji yapungue kiasi, mkaacha ipoe. Fuwele za bluu zikatoka, mkazikausha, mizani ikasoma gramu 4.68. Hicho ndo kiasi halisi. Sasa tutafute kile ambacho kingepatikana kama kusingepotea hata chembe.

Hatua ya 1: angalia nani kaisha kwanza

Hapa ndo wengi wanateleza. Wanaona gramu 2.5 ilipimwa kwenye mizani basi hesabu wanaianzia hapo, kumbe ule unga uliwekwa wa ziada makusudi ili asidi yote itumike, na ushahidi unao mwenyewe, si kuna unga mweusi ulibaki kwenye karatasi ya kuchujia? Iliyoisha ni asidi, kwahiyo tunaanza na asidi:

0.025 dm³ × 1.0 mol/dm³ = 0.025 mol

Hatua ya 2: kiasi cha kinadharia

CuO + H₂SO₄ → CuSO₄ + H₂O

Ni moja kwa moja, moli moja ya asidi inatoa moli moja ya kopa salfeti, kwahiyo tuna 0.025 mol. Ila fuwele za bluu zina maji ndani yake, ni CuSO₄·5H₂O, moli moja ina gramu 249.5 na sio 159.5.

0.025 × 249.5 = gramu 6.24

Hatua ya 3: gawanya

4.68 ÷ 6.24 × 100 = 75%

Basi, imeisha hiyo. Ungetumia 159.5 ungepata kiasi cha kinadharia gramu 3.99 na jibu 117%, na hilo haliwezekani kabisa.

Ukiona jibu limepita 100 na namba zako ziko sawa, shuku maji, fuwele bado mbichi na mizani inapima maji pamoja na zao lako. Zikandamize taratibu katikati ya karatasi za kuchujia, ziache zikauke, pima, ziache tena, pima tena mpaka namba isibadilike. Usiharakishe kwa moto jamani, zikipata joto kali yale maji ya ndani yanatoka, zinageuka unga mweupe na uzito unashuka, hapo hesabu ya 249.5 haifanyi kazi tena.

Ile 25% iliyopotea? Kiasi kidogo kimeganda kwenye bika na karatasi, ila kubwa zaidi liko kwenye yale maji ya bluu yaliyobaki baada ya fuwele kutoka, maana kopa salfeti inayeyuka kwenye maji hata yakiwa ya baridi. Ndo maana mkimwagia maji mengi kusafisha fuwele asilimia inashuka, tumia kidogo tu tena ya baridi sana.