Somo: Kuandika dhamana ya matengenezo kwa fundi simu anayebadilisha vioo

Somo hili linamhusu fundi simu mwenye meza au chumba chake, ambaye hadi leo humwambia mteja kwa mdomo tu, "Ikisumbua uirudishe." Kauli hiyo huzaa ugomvi kwa sababu haisemi kusumbua ni kupi, mwisho wake ni lini, wala gharama itakuwa ya nani. Nitatumia kazi ya kubadilisha kioo kwa somo lote, kwa kuwa kipuri chake ni ghali kuliko ufundi wenyewe, na simu ikirudi, hasara inayobishaniwa si ndogo. Kanuni nitakayoifuata ni moja: karatasi isiahidi jambo ambalo fundi hawezi kulithibitisha kwa macho na mikono siku simu itakaporudi.

Hatua ya kwanza: tenganisha kipuri, ufundi na matumizi

Kioo kinaweza kuharibika kwa njia tatu, na kila moja ina dalili zake. Kipuri kibovu kwa kawaida hujionyesha mapema: mistari ya rangi, mwanga usiolingana, au tachi inayojibonyeza yenyewe ilhali juu ya kioo hakuna ufa wala doa. Kosa la ufundi huonekana pembeni na ndani, yaani kioo kinanyanyuka kwa sababu gundi ilikuwa kidogo au fremu ilikuwa imepinda ikapachikwa hivyo hivyo, fleksi, ule utepe wa nyaya unaounganisha kioo na ubao, imekunjwa kwa nguvu, au kiunganishi hakikukaa sawasawa. Uharibifu wa matumizi nao una sura yake: ufa wenye kitovu mahali simu ilipogonga, doa jeusi linalotambaa kama wino, au kibandiko cha kuonyesha maji kilichogeuka rangi kuwa chekundu.

Dhamana yako iwe juu ya mawili ya kwanza. Fundi anayeandika kwamba anadhamini "kioo" bila kutenganisha haya atadaiwa hata kwa simu iliyokaliwa kwenye daladala.

Hatua ya pili: panga muda kwa hesabu

Anza kwa muuza vipuri wako. Muulize anapokea kipuri kibovu ndani ya siku ngapi na kwa masharti gani, kwa maana wauzaji wengi hawakipokei tena kioo kilichobanduliwa karatasi yake ya juu au kilichokwisha kupakwa gundi. Kwa hiyo kioo kijaribiwe kabla ya kugundishwa: unganisha fleksi, washa simu, iache iwake kwa muda, kisha buruta alama moja ya programu polepole kutoka pembe hadi pembe ili uone kama kuna mahali tachi inaiachia. Ukishapaka gundi, hatari yote iliyobaki ni yako, na muda utakaoandika ni ahadi ya mfuko wako.

Tuseme kioo unakinunua kwa shilingi 45,000 na ufundi wako ni shilingi 20,000, hivyo mteja analipa shilingi 65,000. Tuseme pia daftari lako linaonyesha kwamba katika kila vioo 20 ulivyofunga, kimoja kilirudi kwa kosa lisilo la mteja. Kioo cha pili kitakugharimu shilingi 45,000, na ukizigawa kwa kazi 20 unapata shilingi 2,250 kwa kila kazi. Ukiongeza gundi na saa zako za kurudia kazi, shilingi 3,000 juu ya bei zinaibeba dhamana hiyo. Asiye na daftari hawezi kuifanya hesabu hii, na kwa maoni yangu asianze kwa kutangaza miezi mitatu eti kwa sababu jirani ametangaza hivyo. Aanze na siku 30, aandike kila kinachorudi na sababu yake, kisha aongeze.

Kioo cha kopi na kioo orijino visipewe muda mmoja, na aina ya kioo itajwe kwenye karatasi kwa jina lake. Kuandika "orijino" juu ya kopi si ujanja wa biashara. Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mteja, na karatasi yenye saini yako itakuwa ushahidi dhidi yako. Simu iliyoingia maji isipewe siku hata moja, kwa sababu kutu huendelea kula ubao hata baada ya kusafishwa. Mwandikie mteja kwamba imejaribiwa na inafanya kazi wakati wa kukabidhiwa, na uishie hapo.

Hatua ya tatu: iandike hali ya simu siku ya kuipokea

Ikiwa simu inawaka, piga *#06# mbele ya mteja na uandike namba ya IMEI yenye tarakimu 15. Simu nyingi za Samsung hufungua ukurasa wa majaribio ukipiga *#0*#, na hapo utapima rangi, tachi, spika na sensa. Kwa simu nyingine fanya majaribio hayo kwa mkono. Jaribu pia maiki, kamera zote mbili, chaji na mtandao. Kisichofanya kazi kiandikwe, na kisichoweza kujaribiwa kwa kuwa kioo kimekufa kiandikwe pia kwamba hakikujaribiwa. Piga picha ya mbele, nyuma na pembe za fremu. Usiandike neno la siri la mteja kwenye karatasi inayobaki mezani. Ni bora aifungue simu mwenyewe wakati wa kupokea na wakati wa kukabidhiwa.

Ukifika wakati wa kufunga kioo, andika tarehe na herufi za ofisi yako kwa kalamu isiyofutika nyuma ya kioo, karibu na fleksi, kisha bandika kistika kidogo chembamba juu ya skrubu moja ya ndani. Alama ya kwanza itakuonyesha kama kioo kilichorudi ni kile ulichokifunga, na ya pili itakuonyesha kama fundi mwingine amekwisha kuingia.

Hatua ya nne: andika ahadi yenyewe

Maneno yawe machache, na kila sentensi iweze kujibu swali moja la mteja. Mfano huu unatosha kwa kioo:

> Ofisi imebadilisha kioo (aina: kopi / orijino) cha simu yenye IMEI iliyoandikwa juu. Kwa siku 30 kuanzia tarehe ya kukabidhiwa, kioo kikionyesha mistari, mwanga usio sawa, tachi isiyofuata kidole, au kikinyanyuka kutoka kwenye fremu, ofisi itakagua simu mbele ya mteja na kurekebisha bila malipo ndani ya siku 3 za kazi. Ikishindikana, ofisi itafunga kioo kingine cha aina hiyo hiyo. Kioo hicho kisipopatikana ndani ya siku 7, mteja atarudishiwa fedha zote alizolipia kazi hii. Dhamana haihusu ufa, mkandamizo, maji, wala simu iliyofunguliwa na fundi mwingine baada ya kukabidhiwa. Sehemu nyingine za simu zilizoandikwa kuwa mbovu au hazikujaribiwa siku ya kupokelewa hazimo katika dhamana hii.

Chini yake ziwe saini mbili na tarehe mbili, ya kupokea simu na ya kuikabidhi. Nakala moja ibaki kwako. Mfuatano wa kurekebisha, kubadilisha, kisha kurudisha fedha nimeuweka makusudi, kwa sababu karatasi isiyotaja mwisho wake humwacha mteja akizungushwa njoo kesho hadi siku zake ziishe.

Simu ikirudi

Chukua mfano wa simu iliyorudi siku ya 19, mteja akilalamika kwamba tachi inajibonyeza yenyewe. Fundi asikimbilie kuifungua. Kwanza aulize inasumbua wakati gani, na ikiwa jibu ni "nikiwa nachaji", aichomoe chaji ya mteja na kuweka nyingine anayoiamini, kwa maana chaji duni huivuruga tachi ya kioo kizima kabisa. Ikitulia, tatizo ni chaji, na mteja alione mwenyewe. Isipotulia, akague juu ya kioo kwa mwanga unaoangaza kutoka ubavuni: hakuna ufa, hakuna doa. Kisha aifungue mbele ya mteja, aangalie kistika cha skrubu, tarehe ya nyuma ya kioo na kibandiko cha maji. Vyote vikiwa salama, achomoe kiunganishi, akisafishe na kukirudisha. Tachi ikitulia na kubaki imetulia, kosa lilikuwa la ufundi na limerekebishwa. Ikiendelea, kioo ni kibovu na kinabadilishwa. Matokeo yaandikwe nyuma ya karatasi ile ile pamoja na tarehe.

Maswali ya mafundi

*Fundi kutoka Mwanza:* Mwalimu, mteja akipoteza karatasi yake, dhamana imekufa?

Haijafa, ndugu yangu. Ulichodhamini ni kazi juu ya simu yenye IMEI fulani, na nakala yako inayo. Linganisha namba hiyo na alama ya nyuma ya kioo, umalize. Kumkatalia kwa sababu ya karatasi ilhali daftari lako linamtambua ni kumtafutia kisingizio.

*Fundi wa Mbagala:* Nikimbadilishia kioo siku ya 25, siku 30 zinaanza upya?

Hilo ni la kuamua mwenyewe, ila liandikwe. Mimi huandika kwamba kioo cha pili kinamaliza siku zilizobaki, lakini hakipati chini ya siku 14, maana siku 5 hazitoshi kumwonyesha mteja kama kipuri kipya ni kizima.

*Dada mwenye ofisi Morogoro:* Wapo wateja wanaoleta kioo walichokinunua wenyewe. Tunawaandikia nini?

Dada, wadhamini ufundi peke yake: kioo hakitanyanyuka na viunganishi vitakaa. Kijaribu mbele yao kabla ya gundi, waone, wasaini mstari unaosema "kipuri ni cha mteja, kimejaribiwa na kukubaliwa". Kikiwa na kasoro kabla ya kupakwa gundi, wakirudishe dukani walikokinunua.

*Fundi viatu, Tanga:* Je, utaratibu huu unafaa kwa soli?

Unafaa, ila dalili zinabadilika. Gundi ikiachia sehemu zote mbili zikiwa safi na zinang'aa, kazi ilikuwa mbovu: sehemu hazikukwaruzwa vizuri au zilibandikwa gundi ikiwa bado mbichi. Soli ikichanika pembeni ya mshono au ikimomonyoka kama unga, ni soli yenyewe iliyochoka, kama zinavyofanya soli nyingi za povu zilizokaa kabatini kwa miaka. Kwa hiyo udhamini mbandiko na mshono, na usiidhamini soli ya zamani. Uandike pia kwamba kiatu kisivaliwe wala kuloweshwa kwa saa 24 za kwanza, na umtajie mteja saa ya kuanza kukivaa.