Mkate wa Kumimina Si Mkate: Jinsi ya Kuandika Majina ya Vyakula Vyetu Ugenini

Jumamosi ya kwanza nilipopanga meza yangu kwenye soko la mtaani kwetu, hapa Uingereza, niliandika kadi tatu kwa Kiingereza. Mahamri niliyaita donati za nazi. Mbaazi nikaziita kari ya maharagwe. Mkate wa kumimina nikauita mkate wa mchele. Kufika saa sita mchana nilikuwa nimeuza mahamri tisa, na wawili katika walionunua walirudi kuniuliza jemu iko wapi. Mbaazi hazikuguswa kabisa. Nilirudi nazo nyumbani tukazila siku tatu, na mume wangu akawa hataki tena kusikia harufu ya tui.

Sikukosea upishi. Nilikosea jina. Mzungu akisikia donati anajua tayari anachokitaka: sukari juu, utamu ndani, kahawa pembeni. Hamri ni tupu ndani, utamu wake ni wa mbali, na ule utupu ndio mahali pa mbaazi. Sasa nani atachovya donati kwenye mbaazi? Kwa neno moja nilikuwa nimeutenganisha mlo uliokaa pamoja Mombasa tangu zamani.

Wiki iliyofuata niliacha jina kama lilivyo, MAHAMRI, kwa herufi kubwa, na chini yake mstari mmoja: maandazi ya hamira, yenye tui la nazi na iliki, hukaangwa na huliwa asubuhi na mbaazi za nazi. Mbaazi nikaziweka kwenye kadi hiyo hiyo na zikauzwa kwa bei moja na mahamri mawili. Watu waliuliza, nikajibu, wakanunua.

Tangu hapo kanuni yangu ni hii: jina la chakula kizima liachwe, viungo vyake vitafsiriwe. Mbaazi, iliki, ukwaju, ndizi mbichi na mihogo vina majina yake kila nchi, na mteja ana haki ya kuyasoma kwa lugha yake. Lakini kile kilichotokana na mikono yetu kibaki na jina letu, kisha kielezwe kwa mambo matatu: kimetengenezwa kwa nini, kimepikwaje, na huliwa na nini. Hilo la tatu ndilo watu husahau, nalo ndilo lililoniponza mimi.

Kwa wanaouza, jambo hili lina sheria yake. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1169 ya mwaka 2011, ambayo Uingereza nayo iliirithi, inapanga majina kwa daraja. Kwanza ni jina lililowekwa na sheria. Kama halipo, ni jina la mazoea, yaani lile ambalo wanunuzi wa nchi hiyo wanalielewa bila kuelezwa. Kama nalo halipo au halitumiki, ni jina la maelezo. Angalia hapo: mazoea yanayohesabiwa ni ya wanunuzi wa pale unapouzia. Mahamri ni jina la mazoea Mombasa; mjini kwangu hapa si la mazoea hata kidogo. Ukiyafunga kwenye mfuko na kuandika "Mahamri" peke yake, hujakamilisha. Ukiandika "Mahamri" pamoja na mstari wa maelezo, umekamilisha, na hakuna anayekulazimisha kulifuta jina lako.

Sasa tuje kwenye neno linalosumbua kuliko yote: mkate. Sisi watu wa pwani tumeliachia neno hili uhuru mkubwa. Mkate wa mofa huokwa tanurini. Mkate wa maji ni uji mwepesi wa unga unaotandazwa kwenye kikaango mpaka ukawa kama kitambaa. Mkate wa mayai ni keki, hakuna namna nyingine ya kuueleza: mayai, sukari, unga, basi. Na mkate wa kumimina, ambao wengine huuita mkate wa sinia, hauna hata haja ya unga wa ngano. Ni mchele uliolowekwa usiku, ukasagwa na tui zito, ukatiwa sukari, iliki na hamira, ukaachwa uumuke, kisha ukamiminwa kwenye sinia na kuokwa. Wengi hutia na ute wa yai.

Ukitafsiri "mkate" neno kwa neno katika hiyo yote, unapotosha pande mbili. Anayetaka kitu cha kulia mchuzi atanunua mkate wa mayai na kushangaa. Na yule ambaye ngano inamdhuru atapita mbele ya mkate wa kumimina bila kugeuka, maana ameona neno mkate. Huyu wa pili ndiye mteja wangu bora siku hizi, lakini kuna tahadhari. Usijiharakishe kuandika kwamba chakula hakina gluteni. Huku Ulaya maneno hayo yana kipimo, si zaidi ya miligramu 20 kwa kila kilo, na jiko ambalo asubuhi umekanda unga wa mahamri lina vumbi la ngano kila mahali, hata kwenye mpini wa mwiko. Andika "umetengenezwa kwa mchele", na akikuuliza mwambie ukweli kuhusu jiko lako.

Mfano mmoja niueleze mpaka mwisho, mkate wa ufuta. Nilifundishwa na wifi yangu wa Unguja. Unga wa ngano, tui, hamira na chumvi, unaukoroga mpaka uwe mlaini unaovutika, si wa kusukuma. Ukishaumuka unalowesha kiganja, unautandaza kwenye kikaango kisicho na mafuta, unanyunyizia ufuta. Upande wa chini ukishagandama, kikaango kinageuzwa kichwa chini juu ya makaa ili uso uive kwa moto wa ana kwa ana. Mkate hauanguki, ndiyo ufundi wenyewe. Hapa sina makaa, nauingiza chini ya moto wa juu wa oveni, unatoka vizuri.

Jina lake ukilitafsiri halina kosa, ni mkate kweli na una ufuta kweli. Lakini mtu atapata picha ya kile kimkate cha kuwekea nyama ya kusaga, chenye mbegu kichwani. Ukiuita mkate bapa, amewaza ule wa Kihindi au wa Kituruki. Kadi yangu inasema hivi: "MKATE WA UFUTA. Mkate mlaini wa Zanzibar, wa unga wa ngano na tui la nazi, uliookwa kikaangoni na kunyunyiziwa ufuta. Huliwa na mishkaki au mchuzi. Una: NGANO, UFUTA." Nikiupaka samli, naongeza MAZIWA. Neno "Zanzibar" nimelitia kwa makusudi, kwa sababu wengi wamewahi kulisikia na linawapa pa kuanzia.

Zile herufi kubwa za NGANO na UFUTA si mapambo. Ufuta ni mmoja wa vizio 14, yaani vyakula vinavyowadhuru watu wenye mzio, ambavyo sheria ya Ulaya na ya Uingereza inataka vitajwe. Mwaka 2016 msichana wa miaka 15, Natasha Ednan-Laperouse, alifariki baada ya kula mkate wenye ufuta ndani ya unga wake, nao haukuwa umeandikwa kwenye karatasi iliyoufunga. Sheria inayoitwa kwa jina lake ilianza kazi Oktoba 2021: chakula unachokifunga mwenyewe pale pale unapokiuzia, kabla mteja hajakiagiza, lazima kiwe na jina na orodha ya viungo vyote, vizio vikikolezwa. Kwa hiyo usitegemee neno "ufuta" kwenye jina la Kiswahili lifanye kazi hiyo. Kwa mteja ni sauti tu. Walioko Marekani, ufuta uliingia kwenye orodha yao tarehe 1 Januari 2023. Nazi kwao ilikuwa ikihesabiwa pamoja na lozi na korosho, ikaondolewa Januari 2025, ila mimi ningeitaja hata hivyo, kwa sababu wapo watu inaowadhuru.

Mchuzi nao una yake, ila ni mafupi. Kari si tafsiri mbaya kama mchuzi una bizari na manjano. Shida ni kwamba kila mtu atakuuliza ukali wake. Mchuzi wa nyanya na vitunguu, usio na bizari, usiuite kari. Na samaki wa kupaka, tafadhali, usimtafsiri kabisa. Kuna mgahawa nilioona umeandika samaki aliyepakwa rangi.

Majina hatari zaidi ni yale yanayofanana na ya wenyeji, kwa sababu mteja haulizi. Chapati yetu ina matabaka na mafuta. Ya Kihindi ambayo Waingereza wameizoea ni kavu. Pilau kwao ni wali wa manjano wa kuandamana na mchuzi, yetu ni ya kahawia na nyama imo ndani. Rosti ndiyo kichekesho. Kwetu rosti ya kuku ina mchuzi mzito. Neno hilo kwa Mwingereza ni nyama ya kuoka iliyo kavu, na kwa Mswisi ni viazi vilivyoparuzwa na kukaangwa. Dada mmoja wa Tanga anayeishi Zurich aliniambia aliwahi kualika majirani kwa rosti, wakaja na saladi ya kulia viazi. Kwa majina haya, mstari wa maelezo uanze na tofauti: "chapati ya matabaka, ya mafuta".

Kuna mahali pamoja ambapo jina halisaidii kabisa, nalo ni kliniki ya kisukari. Nesi wa mama yangu aliandika "polenta", chakula cha Kiitaliano cha unga wa mahindi, kila aliposikia ugali. Polenta mara nyingi hupikwa laini na kutiwa siagi na jibini, kwa hiyo hesabu yake yote ya wanga ilikuwa ya sahani nyingine. Pale niliacha majina. Nilipima unga mkavu kwa gramu kabla haujaingia sufuriani, tukagawa kwa idadi ya waliokula, nikampelekea nesi namba hiyo pamoja na maneno "unga wa mahindi na maji tu". Hapo akaweza kufanya kazi yake.

Kadi ikishaandikwa, mpe mtu asiyekijua chakula hicho aisome, kisha muulize anatarajia nini: ni kitamu au cha chumvi, cha moto au baridi, kinaliwa na nini. Usimuonyeshe chakula kwanza. Mimi humsumbua jirani yangu wa ghorofa ya chini, mama mtu mzima asiyetoka nje ya mji huu. Ya mkate wa kumimina aliipitia mara mbili, akasema amefahamu yote, mchele, nazi, iliki, unaliwa na chai. Kisha akauliza kama namkatia kipande au aniletee kikombe. Nilikuwa nimejitia kueleza na maana ya "kumimina". Nikaifuta.