Miundi Inayokaza Ukikimbia: Mambo ya Kuzingatia Kabla Hujaenda kwa Daktari

Kijana mmoja wa Free Area, hapa Nakuru, alinijia akiwa na bahasha iliyojaa karatasi. Eksirei mbili, zote safi. Dawa za maumivu za aina tatu. Alikuwa akijiandaa kwa usajili wa jeshi, na kila alfajiri alipotoka mbio kuelekea Lanet, miguu ilimgomea karibu mahali pale pale. Zahanati moja ilikuwa imemwambia apumzike wiki mbili. Akapumzika kweli, akarudi barabarani, na miundi ikakaza tena kwenye dakika ile ile. Alipolala kwenye kitanda changu cha fiziotherapia niliipapasa miguu yake kuanzia gotini hadi kwenye kifundo nisione kasoro yoyote. Nikamwambia afunge kamba za raba, tutoke.

Baada ya kama dakika 13 za mbio alisimama mwenyewe. Nikaweka kidole gumba pembeni mwa muundi, upande wa nje. Dakika chache nyuma pale palikuwa pamebonyea kama nyama yoyote, lakini sasa ilikuwa kama kubonyeza meza. Juu kidogo ya kifundo palikuwa pametokeza kijivimbe laini, kadiri ya punje ya njugu, ambacho hakikuwepo tulipoanza. Ni msuli uliokuwa ukichungulia kwenye upenyo wa utando wake. Tukakaa chini ya mti. Baada ya dakika 20 hivi kijivimbe kilikuwa kimerudi ndani na mguu umelegea, akaniuliza kama anaweza kukimbia tena.

Ndiyo maana nasema tatizo hili, ambalo madaktari huliita kwa Kiingereza chronic exertional compartment syndrome, husomwa kwa saa. Chini ya goti misuli imepangwa katika vyumba vinne, na kila chumba kimezungushiwa utando mgumu usiopenda kutanuka. Ukikimbia, misuli hujaa damu na ukubwa wake unaweza kuongezeka kwa karibu asilimia 20. Kwa watu wengi utando unakubali. Kwa wachache unakataa, presha ndani ya chumba inapanda, damu inapita kwa shida na mishipa ya fahamu inabanwa. Ukisimama, damu ya ziada inaondoka na presha inashuka. Chumba kinachosumbua mara nyingi ni cha mbele, kile kilicho upande wa nje wa mfupa wa muundi, na kwa kawaida miguu yote miwili inauma. Kupumzika wiki mbili hakusaidii kwa sababu hakuna jeraha la kupona. Utando unabaki vile vile ulivyokuwa.

Kwa hiyo kabla hujapanga foleni popote, chukua daftari na uandike mbio zako nne au tano. Andika ulikimbia wapi, dakika gani mguu ulianza kukaza, dakika gani ulilazimika kusimama, na baada ya kusimama ilichukua muda gani maumivu kuisha kabisa. Daftari la kijana yule lilisema hivi: Jumatatu, barabara tambarare kwa mwendo wa pole, kukaza kulianza dakika ya 12. Jumatano, lami kwa kasi, dakika ya 9. Ijumaa alipanda kilima kuelekea Menengai, akafika dakika ya 7 tu. Kupoa kulimchukua kati ya dakika 15 na 25 kila mara. Ukiona mpangilio wa namna hii, maumivu yanayokuja kwa ratiba na kuondoka kwa ratiba, yanayowahi kadiri unavyoongeza kasi au mlima, una ushahidi ambao eksirei haiwezi kukupa.

Andika pia mambo mawili ambayo watu huyapuuza. La kwanza ni ganzi. Chumba cha mbele kikibanwa, ganzi huja juu ya unyayo, hasa kwenye pengo kati ya kidole gumba na kinachofuata. La pili ni sauti. Kijana wangu hakujua kwamba mguu wake wa kulia ulikuwa ukichapa lami, pa, pa, pa, kwa sababu misuli inayonyanyua unyayo ilikuwa imechoka kubanwa. Mwenzake aliyekuwa akikimbia nyuma ndiye aliyesikia. Mwombe mtu akimbie nyuma yako siku moja.

Halafu jipime nyumbani siku isiyo ya mbio, ili usiende na jina la ugonjwa ambao si wako. Pitisha kidole kwenye ukingo wa ndani wa mfupa wa muundi, sehemu ya chini. Kama panauma kwa urefu wa vidole kadhaa, na panauma hata kesho yake, huo ni mfupa na misuli iliyoushikilia vinavyolalamika, kitu cha kawaida kwa mtu aliyeongeza kilomita haraka. Kama panauma mahali pamoja tu, panapofunikwa na ncha ya kidole, na kuruka kwa mguu mmoja kunakufanya upige yowe, acha mbio mara moja, maana huenda mfupa umeanza kupasuka, na eksirei ya wiki za mwanzo inaweza isioneshe. Mwenye tatizo la vyumba kwa kawaida hana maumivu yoyote ya kubonyezwa akiwa amepoa. Mshipa mkubwa wa damu uliobanwa nyuma ya goti nao unaweza kuiga dalili hizi, hasa kama ni shavu la mguu linalokaza na unyayo unapoa na kubadilika rangi. Mtajie daktari ukiona hivyo.

Siku ya kwenda hospitali, nenda na raba na kaptula. Naona aibu kulisema jambo dogo hivi, lakini nimeona mtu akirudishwa nyumbani kwa sababu alikuja na viatu vya ngozi, akapimwa akiwa ameketi, akaambiwa yuko sawa. Piga simu kabla, uulize kama wanaweza kukupima mara tu baada ya kukimbia, na kama wana kifaa cha kupima presha ndani ya msuli. Kipimo chenyewe ni sindano inayoingizwa kwenye chumba husika. Madaktari wengi hutumia viwango hivi: milimita 15 za zebaki au zaidi ukiwa umepumzika, 30 au zaidi dakika moja baada ya mbio, au 20 au zaidi dakika ya tano. Kimoja kati ya hivyo kinatosha kuelekeza utambuzi, kikiambatana na daftari lako. Kifaa hicho hakipo kila hospitali, na usishangae ukielekezwa Eldoret au Nairobi. Safari ikiwa ndefu, hakikisha utapimwa kwa mbio zinazotosha kuamsha maumivu, si dakika tano za kujipasha moto.

Kabla hujakubali kupasuliwa, jaribu kubadilisha namna unavyokanyaga. Ukitua kwa kisigino na hatua ndefu, msuli wa mbele hufanya kazi kubwa ya kuushusha unyayo. Fupisha hatua, ongeza idadi yake, tua karibu na katikati ya unyayo. Utafiti mmoja uliochapishwa 2012 uliwafuata wagonjwa 10 wa Marekani waliokuwa tayari wanafikiriwa upasuaji. Walifundishwa kukimbia hivyo kwa wiki 6, na mwaka mmoja baadaye hakuna aliyekuwa amepasuliwa. Ni watu 10 tu, na walikuwa na tatizo la chumba cha mbele, kwa hiyo usiuchukue kama ahadi. Tahadhari nyingine ni kwamba mtindo huo unahamishia mzigo kwenye shavu la mguu na ukano wa kisigino, basi anza na dakika chache. Kama unakunywa unga wa kriatini, uache kwanza, maana unavuta maji kwenye misuli. Upasuaji wenyewe, wa kuuchana utando ili msuli upate nafasi, huleta matokeo mazuri zaidi kwenye chumba cha mbele kuliko kile cha ndani kabisa nyuma ya mfupa.

Sasa sehemu ambayo ningependa uisome mara mbili. Yote niliyoeleza hapo juu yanategemea saa kurudi nyuma ukisimama. Ikiwa umesimama na maumivu yanazidi badala ya kupungua, hiyo si hali ile tena. Ni presha ya chumba isiyoshuka, na ni dharura.

Nilimhudumia mchezaji wa timu ya mtaani aliyepigwa teke kwenye muundi saa kumi jioni, akaendelea kucheza. Saa moja usiku mguu ulikuwa umekaza na ngozi inang'aa. Nyumbani wakamfunga bendeji kwa nguvu, wakauinua mguu juu ya mito mitatu, wakamkanda kwa maji moto. Walifanya kwa upendo, na karibu kila kitu kilikuwa kinyume. Alifika hospitalini saa kumi na mbili alfajiri. Misuli iliyokosa damu huanza kufa ndani ya saa chache, na baada ya saa 6 hivi nafasi ya kuiokoa inapungua haraka. Alipasuliwa, mguu ukabaki, lakini alikuja kwangu akiwa anauburuta unyayo.

Dalili ya mapema si mguu kupoa wala kukosa mpigo. Mpigo wa mshipa juu ya unyayo unaweza kuwepo kabisa huku misuli ikifa, kwa hiyo usitulizwe nao. Dalili ya mapema ni maumivu makali kuliko jeraha lenyewe, yasiyosikia dawa, na yanayopanda ghafla mtu mwingine akivikunja vidole vyako vya mguu kwa upole kuelekea chini. Ongeza hapo ganzi na mguu mgumu kama ubao. Hali hii hufuata zaidi kuvunjika mfupa au kugongwa, lakini imewahi kutokea kwa mbio tupu. Mkojo ukitoka rangi ya strungi baada ya mazoezi makali, hapo figo nazo ziko hatarini.

Vua kiatu, soksi, na chochote kinachobana. Mguu ulale usawa wa moyo, usiuinue juu zaidi wala kuuning'iniza. Usiukande, usiufunge, usiuwekee barafu. Usile, kwa sababu huenda ukahitaji nusukaputi. Usipitie kwanza kwenye zahanati ya karibu kwa sindano ya maumivu. Nenda moja kwa moja panapofanyika upasuaji usiku, na kwa Nakuru hiyo ni kama hospitali kuu ya kaunti ambayo wengi wetu bado tunaiita PGH. Nambari ya mtu mwenye gari iwe kwenye simu yako kabla ya siku hiyo, kwani juu ya boda boda mguu unaning'inia njia nzima.

Pale mapokezi usiseme tu kwamba mguu umevimba, maana utaambiwa ukae kwenye benchi. Sema ulianza kuuma saa ngapi, sema unazidi, sema kuna ganzi na vidole vikikunjwa unapiga kelele, kisha uulize aliko daktari wa upasuaji.