Beti tano za viunganishi: jinsi ya kuzitunga na kuzifundisha darasa la nne

Walimu wenzangu, nafundisha Kiswahili shule ya msingi hapa Lamu, na naandika haya kwa ajili ya mwalimu ambaye wanafunzi wake wanaweza kutaja viunganishi vyote kwa pumzi moja, lakini wakipewa sentensi wanaweka *bali* mahali pa *lakini*. Orodha wameihifadhi. Kazi ya kila neno hawana. Wimbo mfupi unaweza kubeba vyote viwili, ila uwe umetungwa vizuri.

Kwanza, chagua maneno machache

Chukua matano: *na, au, lakini, bali, wala*. Haya huunga pande mbili zenye hadhi sawa, neno kwa neno au sentensi kwa sentensi. Viache *ingawa, ili* na *kwa sababu* kwa siku nyingine, maana upande unaoanza na maneno hayo hutegemea upande wa pili. Ukitaka kuwaonyesha watoto tofauti, jaribu kuhamisha. "Dau limekwama ingawa upepo unavuma" unaweza kuligeuza: "Ingawa upepo unavuma, dau limekwama." Sasa jaribu na *lakini*: "Lakini dau limekwama, upepo unavuma." Mtoto yeyote wa Amu atakwambia hapo umesema ovyo. *Lakini* hukaa katikati ya pande zake, haihamishwi.

Pili, tumia umbo la utenzi

Watoto wetu wamezisikia tenzi tangu wakiwa wachanga, kwa hiyo mapigo yake wanayo tayari. Kila ubeti una mishororo minne, kila mshororo mizani nane. Mishororo mitatu ya kwanza ina kina kimoja, na wa nne una kina kinachorudi katika kila ubeti. Hiki cha nne ndicho kinachomsaidia mtoto kujua kwamba neno moja limekwisha na lingine linaanza.

Mimi hupanga kila ubeti hivi: neno na kazi yake, mfano, kisha mshororo wa mwisho unaokaza kazi ile au kutoa sharti.

> NA kazi yake kuunga,
> leta mchele na unga,
> nazi mbili na karanga,
> kwa NA vyote huingia.
>
> AU kazi kuchagua,
> kuoga au kufua,
> moja tu utachukua,
> la pili waachilia.
>
> LAKINI hurudi nyuma,
> upepo mwema wavuma,
> lakini dau lakwama,
> kinyume hutuambia.
>
> Mbele ya BALI weka SI,
> huyo si pweza halisi,
> bali huyo ndiye ngisi,
> la kweli hutupatia.
>
> WALA kukana mawili,
> sina nazi wala wali,
> mikono mitupu kweli,
> HA na SI hutangulia.

Utumie kama ulivyo, au badilisha mifano. Ukibadilisha, hesabu mizani kwa vidole. *Mchele* ni mizani tatu, m-che-le, kwa sababu ile *m* hutamkwa peke yake. *Mvua* ni mbili tu, mvu-a. Mshororo wa kwanza wa ubeti wa *bali* ungeweza kuwa "BALI hutanguliwa na SI", na maana yake ingekuwa wazi zaidi. Hesabu: ba-li-hu-ta-ngu-li-wa-na-si. Tisa. Darasa likiimba, nusu watameza *na* na nusu watachelewa, na neno *SI*, ambalo ndilo sharti lenyewe, litapotea katika makelele. "Mbele ya BALI weka SI" una nane kamili, na *SI* inaangukia pigo la mwisho, mahali panaposikika kuliko pote.

Tatu, ubeti mmoja kwa kipindi

Usiwape zote tano kwa mara moja. Imba ubeti wewe, wakuitikie mshororo kwa mshororo, halafu wapige kofi kila mizani. Mahadhi chagua wanayoyajua. Kisha andika mshororo wa mfano ubaoni bila kiunganishi, "kuoga ___ kufua", na uwaulize ni neno gani, na kwa nini si *na*. Hilo "kwa nini" lisirukwe. Anayejibu "kwa sababu ni moja tu utachukua" ameanza kuutumia wimbo. *Ama* itaje hapohapo kuwa inafanya kazi ileile ya *au*.

Ubeti wa *na* ni rahisi kuuimba, ila una mtego. Baada ya kuujua, watoto hupigia mstari kila *na* wanayoiona na kuiita kiunganishi. Wape sentensi mbili: "Alinunua mchele na unga" na "Jahazi lilisukumwa na upepo." Ya kwanza ukigeuza ukasema "unga na mchele", maana ni ileile. Ya pili ukigeuza, jahazi ndilo linalosukuma upepo. *Na* ile haiungi pande mbili sawa, inamtaja mtenda.

Nne, kaa sana kwenye *bali*

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na ningekushauri utumie vipindi viwili bila kuona umechelewa. *Bali* na *lakini* zote hutenganisha, ndiyo maana watoto huzichanganya. Ila *lakini* huacha pande zote mbili zikiwa kweli: upepo unavuma kweli, na dau limekwama kweli. *Bali* hukataa upande wa kwanza na kuweka wa pili mahali pake: pweza hayupo, aliyepo ni ngisi.

Chukua sentensi niipatayo mara nyingi daftarini: "Nina njaa bali sitaki kula." Usiisahihishe wewe. Mwambie mtoto aimbe ubeti wa *bali* hadi mshororo wa kwanza, kisha aitafute *SI* yake kabla ya *bali*. Hataiona: "nina njaa" haijakanusha chochote. *SI* ya "sitaki" imekuja baada, haihesabiki. Basi neno ni *lakini*.

Halafu mpe ngumu zaidi: "Yeye si mgonjwa ___ hali chakula." *SI* ipo mbele, na wengi watakimbilia *bali*. Hapa wimbo pekee hautoshi, lazima waulize swali la pili: je, upande wa pili umechukua nafasi ya ule uliokataliwa? Kutokula si jina la hali iliyowekwa badala ya ugonjwa. Yote mawili ni kweli kwa pamoja. Ni *lakini*. Linganisha na "Yeye si mgonjwa bali mchovu." Waeleze pia kwamba *SI* katika ubeti inasimamia ukanushi wowote: "Hakuja kwa miguu bali kwa mashua" ni sahihi, ingawa *si* yenyewe haimo.

Tano, *wala* na kitenzi kinachofuata

Mshororo wa mwisho unasema *HA* na *SI* hutangulia, na watoto huushika haraka. Wanachosahau ni upande wa pili. "Hali wala anakunywa" ni kosa, kwa kuwa kikija kitenzi baada ya *wala*, nacho hukanushwa: "Hali wala hanywi." Ikiwa ni jina tu, kama *nazi wala wali*, hakuna cha kubadilisha.

Mwisho, wajaribu bila wimbo

Andika sentensi kumi zenye pengo, uchanganye matano yote, na uwakataze kuimba kwa sauti. Utawaona midomo ikicheza, waache. Kila jibu waliandikie sababu ya maneno machache: "moja tu", "yote kweli", "la kwanza limekataliwa". Jibu sahihi lisilo na sababu mpe nusu alama. Wanaokosa *bali* peke yake warudishe kwenye ngisi na pweza, na wanaokosa *na* waambie wageuze pande.